Deni la milioni 24 lililokaa karibu mwaka mzima, na barua iliyolifukua

Mamdogo ana karakana ya samani Dodoma, vijana sita, mashine ya randa moja na msumeno wa meza mmoja. Machi 2024 alipata oda ya wakala mmoja wa serikali (siutaji), viti 240 vya chumba cha mafunzo na meza 60, mkataba wa shilingi 24,000,000. Kiti 65,000, meza 140,000. Akapeleka mzigo wote kabla ya Mei kuisha, akapeleka na invoisi, akaambiwa subiri. Alipokuja kwangu mwishoni mwa Aprili 2025 alikuwa bado anasubiri, mbao alikopa, kwa mwenye mbao anapita njia ya nyuma, na kabeba folda la bluu limejaa makaratasi hayana mpangilio wowote. Akaniambia mwanangu niandikie barua kali.

Mimi nafanya hesabu za watu wenye biashara ndogo ndogo, na barua za madai naandika kila wiki. Kisa hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu naona watu wengi wanaodai serikali wanakosea palepale alipokosea mamdogo, wanadhani tatizo ni hela kumbe kwa muda mrefu tatizo lilikuwa karatasi, yaani deni lenyewe lilikuwa halionekani kwenye meza ya mtu yeyote.

Nikaanza na barua mbili alizokwisha andika. Ya kwanza ya Oktoba 2024, nanukuu sehemu yake kwa ruhusa yake: "Naomba mnilipe hela yangu ya viti maana nimeteseka sana, nimewapelekea mzigo mzuri na hamjanilipa mpaka leo, mimi ni mama mjane nategemewa." Kila neno humo ni kweli na linaniuma, lakini hebu kaa kwenye kiti cha yule anayeipokea. Viti gani? Lini? Mkataba upi? Wakala wenyewe una wazabuni kibao, mwaka huohuo walinunua viti mara mbili kwa watu tofauti. Barua haina namba hata moja, haina hata kiasi. Mtu wa masjala akiipata hajui aipachike kwenye faili gani, anaifungulia faili jipya la "malalamiko mbalimbali" au inakaa kwenye trei. Na ndivyo ilivyokuwa, tuliikuta baadae kwenye faili la barua za jumla, karibu na barua ya watu wanaoomba mchango wa mashindano ya mpira.

Ya pili ya Januari 2025 aliandikiwa na kijana wa steshenari. Hii ilikuwa na namba, na hapo ndo pabaya zaidi maana ilikuwa na namba isiyofaa. Kijana aliona kwenye folda karatasi ya juu ni LPO, yaani hati ya oda ya ununuzi, akachukua namba ya LPO akaiweka kwenye kichwa cha habari kama ndo namba ya mkataba. Mtu wa ununuzi akitafuta mkataba wenye namba hiyo hapati kitu, anaandika pembeni "mkataba huu haupo kwenye kumbukumbu zetu" na barua inaishia hapo. Hakuna aliyemwambia mamdogo.

Tukamwaga folda lote kwenye mkeka sebuleni. Kazi ya kwanza kabla ya kuandika hata mstari mmoja ni hii, kila karatasi unaiuliza wewe namba yako ipi, tarehe yako ipi, na nani kasaini. Tukapata namba tano, na ngoja nizieleze maana kila moja ina mtu wake ndani ya ofisi.

Ya kwanza namba ya mkataba. Ilikuwa inafanana hivi, nimeficha herufi za taasisi: XX/2023/2024/G/17. Hapo katikati ni mwaka wa fedha, G inamaanisha bidhaa (ujenzi ungekuwa W), na 17 ni ya ngapi kwenye mpango wao wa ununuzi wa mwaka ule. Namba hii ndo ya watu wa Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi, wao ukiwapa hiyo wanaingia kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, wanaona tenda, tuzo, mkataba, kila kitu. Ya pili namba ya LPO, hiyo ni ya uhasibu, ndo inaonyesha hela ilitengwa kwenye kasma ipi, yaani fungu gani la bajeti. Ya tatu namba ya invoisi ya mamdogo mwenyewe, 041. Ya nne namba ya ripoti ya kamati ya ukaguzi na mapokezi, yaani ile karatasi inayosema mzigo umekaguliwa na umekubalika. Ya tano ni Kumb. Na. ya barua ya tuzo, ile iliyomwambia hongera umeshinda.

Hii ya tano ndo watu wanaidharau na ndo iliyotuokoa. Kumbukumbu namba ya barua ya serikali ina muundo, inaenda kwa mikwaju, mfano CA.88/214/01/36. Ile namba ya mwisho kabisa, 36, mara nyingi ni folio, yaani ukurasa wa barua hiyo ndani ya faili. Vinavyotangulia ndo faili lenyewe. Kwahiyo ukiandika "rejea barua yenu yenye Kumb. Na. CA.88/214/01/36 ya tarehe fulani" umeshamwambia mtu wa masjala kachukue faili CA.88/214/01, fungua folio ya 36, barua yangu ipachike hukohuko mbele. Barua ikiingia kwenye faili sahihi inapelekwa na faili zima kwa mkubwa, na mkubwa akifungua anaona tuzo, anaona mkataba, anaona mapokezi, anaona deni. Ikiingia peke yake anaona mama analalamika.

Sasa kwenye mkeka tukagundua kitu ambacho mamdogo hakukijua mwaka mzima. Mzigo ulienda kwa awamu mbili kama ratiba ya mkataba ilivyosema. Awamu ya kwanza 22 Aprili 2024, viti 160 na meza zote 60, na ripoti ya kamati ipo, wajumbe watatu wamesaini. Awamu ya pili 17 Mei 2024, viti 80, ilikuwa Ijumaa mchana, kamati haikuwepo, mtunza stoo akapokea akasaini delivari noti akagonga muhuri wa stoo. Basi. Ripoti ya kamati ya viti 80 haipo. Mamdogo aliona sahihi na muhuri akajua imeisha, Jumatatu 20 Mei akapeleka invoisi moja ya milioni 24 nzima.

Mhasibu anapopewa invoisi ya milioni 24 na ripoti ya mapokezi ya viti 160 na meza 60 tu, hesabu yake inagoma. Viti 160 mara 65,000 ni 10,400,000, meza 60 mara 140,000 ni 8,400,000, jumla 18,800,000. Hizo 5,200,000 za viti 80 hazina karatasi ya kuzibeba. Akiandaa hati ya malipo ya milioni 24 mkaguzi akija ni yeye anaulizwa. Kwahiyo anaiweka pembeni akisubiri ripoti, ripoti haina mtu anayeifuatilia, na kumbe 30 Juni ikafika. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe hiyo, bajeti ya 2023/24 ikafungwa, na tangu hapo invoisi 041 ikahama kutoka malipo ya kawaida ikawa deni la mwaka uliopita, ambalo lazima liingizwe kwenye orodha ya madeni, lihakikiwe, litafutiwe hela upya. Yaani wiki sita zile za Mei na Juni ndo zilizozaa miezi yote iliyofuata, na chanzo chake ni sahihi tatu ambazo hazikuwekwa Ijumaa mchana.

Ukiwa na deni linalokawia bila maelezo, angalia hapo kwanza. Linganisha idadi iliyoko kwenye invoisi na idadi iliyoko kwenye ripoti za mapokezi, bidhaa kwa bidhaa. Kama hazilingani usihangaike na ukali wa barua.

Kabla ya kuandika nilienda masjala mwenyewe na mamdogo. Alikuwepo dada mmoja mtu mzima, tukamsalimia vizuri, shikamoo kwanza, nikamwambia dada tuna barua ya tuzo hii hapa, tunaomba kujua tu kama faili hili bado linatumika au limefunguliwa juzuu jipya. Akaenda nyuma kwenye makabati akarudi na faili limefungwa utepe mwekundu, hakutupa tulishike na sawa maana sio letu, ila akapekua mbele yetu na kidole akasema folio ya mwisho humu ni ya 52, ni barua ya Juni mwaka jana, "toka hapo hamna barua yenu mama." Mamdogo alinyamaza kabisa. Barua mbili alizopeleka kwa bodaboda hazikuwahi kuingia kwenye faili lake. Yule dada naye akaonekana kusikitika, akatuambia mkileta nyingine nipeni mimi mkononi na muandike namba ya faili juu.

Kisha mkataba. Uko kwa Kiingereza, kurasa 40 na kitu, lakini vifungu unavyohitaji kwenye dai ni vichache mno. Kwenye Masharti ya Jumla kifungu cha 16.2 kinasema mzabuni aombe malipo kwa maandishi akiambatanisha invoisi na nyaraka za mapokezi. Kifungu cha 16.3 kinasema malipo yafanyike haraka na kwa vyovyote yasizidi siku 60 tangu invoisi iwasilishwe na mnunuzi awe ameikubali. Cha 16.5 kinahusu riba ya kuchelewesha. Hiyo ndo yote. Usinukuu mkataba mzima, kuna watu wanaweka vifungu kumi na tano kwenye barua, msomaji anapotea na kile kimoja chenye nguvu kinazama.

Siku unazihesabu mwenyewe na unaziandika. Invoisi 20 Mei 2024, siku 60 zinaisha 19 Julai 2024. Barua tunaandika 5 Mei 2025, kwahiyo siku za kuchelewa ni 290. Nilihesabu mara tatu kwa kalenda maana kosa la siku mbili linampa mtu sababu ya kurudisha barua. Ila angalia yale maneno "awe ameikubali". Kwa milioni 18.8 kukubali kupo, ripoti ipo. Kwa milioni 5.2 wanaweza kusema siku 60 hazijaanza hata kuhesabiwa kwa sababu hatujakubali mzigo. Mamdogo alitaka tudai zote kwa pamoja na siku 290 kwa zote. Nilimkatalia, tukabishana kidogo, nikamwambia mamdogo ukidai 24 kwa pamoja tena unawapa sababu ileile iliyoikwamisha, tugawe deni mara mbili, lile lisilo na ubishi walilipe na lile lenye kasoro tuombe walitengenezee karatasi. Kifungu cha malipo kinaruhusu kulipwa kwa kila awamu iliyopokelewa, hatuvunji kitu. Akakubali.

Kuhusu riba, kifungu cha 16.5 kinasema kiwango kitatajwa kwenye Masharti Maalum, tukaenda kwenye Masharti Maalum tukakuta nafasi ya kiwango iko wazi, hakuna aliyejaza. Kwahiyo hatukuweka tarakimu ya riba. Tukaandika tu kwamba haki hiyo tunaihifadhi. Ukitaja asilimia uliyoitunga mwenyewe barua nzima inapoteza heshima.

Na barua mpya ilikuwa hivi, nimeondoa majina na anwani:

Mtendaji Mkuu,
Wakala wa …,
S.L.P. …,
DODOMA.

5 Mei 2025

YAH: MAOMBI YA MALIPO YALIYOPITILIZA MUDA: MKATABA NA. XX/2023/2024/G/17, INVOISI NA. 041 YA 20 MEI 2024, SH. 24,000,000

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu na barua yenu yenye Kumb. Na. CA.88/214/01/36 ya kutupa tuzo ya mkataba tajwa.

2. Kwa mkataba huo uliosainiwa 12 Machi 2024, na LPO iliyoambatishwa, tuliwasilisha viti 240 na meza 60 kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza (viti 160, meza 60, thamani Sh. 18,800,000) iliwasilishwa 22 Aprili 2024 na kukubaliwa na Kamati ya Ukaguzi na Mapokezi, ripoti imeambatishwa. Awamu ya pili (viti 80, thamani Sh. 5,200,000) ilipokelewa stoo 17 Mei 2024 kwa delivari noti iliyosainiwa na kugongwa muhuri, lakini hatuna nakala ya ripoti ya Kamati.

3. Invoisi iliwasilishwa 20 Mei 2024. Kwa kifungu 16.3 cha Masharti ya Jumla malipo yalipaswa kufanyika ndani ya siku 60, yaani kabla ya kupita 19 Julai 2024. Hadi leo ni siku 290 tangu tarehe hiyo na hatujapokea malipo wala maelezo kwa maandishi.

4. Tunaomba mambo matatu: (a) kulipwa Sh. 18,800,000 za awamu ya kwanza ambazo hazina dosari ya nyaraka. (B) Kamati ikague viti 80 vya awamu ya pili na kutoa ripoti, nasi tutafika siku yoyote mtakayotuelekeza. (C) kututhibitishia kwa maandishi, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii, kiasi ambacho Wakala unatambua kuwa tunadai na kama kimeingizwa kwenye orodha ya madeni ya mwaka wa fedha 2023/24.

5. Haki zetu chini ya kifungu 16.5 tunazihifadhi.

Tunatanguliza shukrani.

Viambatisho: mkataba (ukurasa wa sahihi na wa kifungu cha 16), LPO, invoisi 041, ripoti ya mapokezi, delivari noti mbili.

Nakala: Mhasibu Mkuu, Mkuu wa Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi, Mkaguzi wa Ndani.

Ni ukurasa mmoja na robo. Mambo ya ujane na mwenye mbao hayamo, na haikuwa rahisi kwake kuyaacha, alisema sasa watajuaje kama naumia. Nikamwambia watajua kwa siku 290.

Kuna maamuzi mawili humo ningependa uyaone. La kwanza, tulikiri wenyewe kasoro ya viti 80. Rafiki yangu mmoja aliniambia nimewapa silaha. Mimi sioni hivyo, kasoro walikuwa nayo tayari kwenye faili, ukiitaja wewe kwanza unaonyesha unajua deni lako kuliko wao na mtu wa ununuzi hawezi kujibu barua yako kwa mstari mmoja wa "nyaraka hazijakamilika". La pili, ombi (c). Hilo kwangu ndo moyo wa barua, kuliko hata ombi la hela. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inakupa miaka sita kufungua shauri la mkataba, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kusaini kabla miaka haijaisha, muda unaanza kuhesabiwa upya toka siku aliyokiri. Kwa hiyo kipande cha karatasi chenye sahihi ya taasisi kinachosema tunatambua unatudai kiasi hiki ni kitu cha kutunza kuliko ahadi ishirini za kwenye simu. Na zaidi ya sheria, kwenye uhakiki wa madeni ya wazabuni wanaangalia mambo hayohayo, mkataba, LPO, mapokezi, invoisi, na taasisi yenyewe inatambua au haitambui.

Tulipeleka wenyewe, nakala mbili, moja ikabaki kwetu imegongwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Yule dada wa masjala akaiandika kwenye rejista mbele yetu akasema hii itakuwa folio 53. Nikaandika 53 pembeni ya nakala yetu kwa kalamu. Kuanzia hapo kila simu niliyopiga nilianza na "naulizia folio ya 53 kwenye faili namba fulani" na hakuna aliyeniuliza viti gani.

Siku 14 zilipita bila jibu. Siku ya 18, 23 Mei, likaja. Kurasa moja, sahihi ya Mtendaji Mkuu, linasema Wakala unatambua deni la Sh. 18,800,000 chini ya mkataba tajwa, limeingizwa kwenye orodha ya madeni na litalipwa kadri fedha zitakavyopatikana, na kuhusu Sh. 5,200,000 Wakala hautambui mpaka Kamati ithibitishe mapokezi. Mamdogo aliposoma "hautambui" machozi yalimtoka. Mimi nilikuwa naangalia ile sentensi ya kwanza. Mwaka mzima hakuwa na karatasi ya aina hiyo, sasa anayo, na ya pili inatuambia wazi kinachotakiwa.

Kamati ikaja chumba cha mafunzo 11 Juni. Hapo pakatokea shida maana viti vimekalia mwaka mzima, vimechanganyika, wakahesabu viti vyote vya karakana wakapata 238. Mjumbe mmoja akasema basi tutaandika 78. Mamdogo akapindua kiti kimoja akawaonyesha chini ya ubao wa kukalia, karakana yake inachoma alama ya moto ndogo yenye herufi mbili na namba ya kiti, akasema hebu tuangalie zipi hazipo. Zilizokosekana mbili, mtunza stoo akakumbuka vilihamishiwa ofisi ya mapokezi chini. Kwenda kuangalia, vipo, mlinzi kakalia kimoja. Na leja ya stoo ya 17 Mei 2024 ikafunguliwa, imeandikwa viti 80 vimeingia. Kilichomaliza ubishi ni leja zaidi ya alama, maana mapokezi yanahesabiwa kwa siku mzigo ulipoingia na sio kwa siku ya kuja kukagua, lakini bila ile alama nina hakika wangeandika 78 kwanza na kuirekebisha baadae ni vita nyingine. Ripoti ikasainiwa na wajumbe watatu.

Tukapeleka barua ya nne, fupi, aya mbili, inarejea jibu lao kwa Kumb. Na. na tarehe, inaambatisha ripoti, inaomba 5,200,000 ziongezwe kwenye deni linalotambuliwa. Tukagawa na invoisi pia, 041 tukaifuta kwa maandishi tukatoa mbili mpya, moja ya kila awamu, zote zikitaja kwamba zinachukua nafasi ya 041 ya 20 Mei 2024 ili tarehe ya awali isipotee. Hili usilisahau, ukitoa invoisi mpya bila kutaja ile ya zamani umejifutia siku zako mwenyewe.

26 Juni 2025 ikaingia benki 18,424,000. Mamdogo akanipigia ameshtuka wamemkata. Hawajamkata, ni kodi ya zuio ya asilimia 2 kwenye bidhaa zinazouzwa serikalini, 376,000, na hiyo sio hela iliyopotea, unadai cheti cha kodi ya zuio na inahesabika kwenye kodi yako ya mapato. Tukaandika kuomba cheti, kwa namba zilezile. Kwanini ililipwa Juni? Nadhani, kwa ninavyoona kila mwaka, mwisho wa mwaka wa fedha taasisi zinaangalia bakaa kwenye kasma na kutafuta madeni yaliyo tayari kulipika, yenye karatasi kamili. Sisi tulikuwa tayari wiki mbili kabla. Tungeandika Julai tungesubiri.

Viti 80 vilichelewa, vikaenda kwenye uhakiki, vikalipwa 18 Septemba, 5,096,000 baada ya kodi ya zuio ya 104,000. Riba hatukupata na hatukuifuata.

Tungefanya nini kama wangekaa kimya? Hatua iliyofuata ingekuwa notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki, kwa Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya 2020 hata wakala na mashirika yanaingia humo, shauri linaenda Mahakama Kuu na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe, na hata ukishinda huruhusiwi kukamata mali za serikali kama unavyomkamatia mtu binafsi gari lake. Kwa deni la milioni 24 gharama ya wakili na muda vingemla mamdogo nusu yake. Nilimweleza hayo yote mapema, ndo maana nguvu yote tuliweka kwenye faili. Lakini ile barua yetu ya 5 Mei iliandikwa kwa namna ambayo ingeweza kuambatishwa kwenye notisi bila kubadilishwa neno.

Wiki ile ya Septemba tulipeleka barua ya mwisho masjala. Inasema tumepokea 18,424,000 na 5,096,000, kodi ya zuio ni 480,000 jumla, mkataba Na. XX/2023/2024/G/17 hauna deni tena upande wetu. Yule dada akaigonga muhuri, akafungua rejista, akaandika folio ya 61.